"Kisha" Haitoshi: Uhakiki wa Maelekezo ya Filamu Yaliyoandikwa kwa Kiswahili

Hivi karibuni tuliletewa maandishi mafupi na ofisi moja ya umma ambayo ilikusudia kutengeneza filamu ya elimu ya afya kwa kutumia programu za kompyuta zinazogeuza maneno kuwa picha zinazotembea. Pamoja na maandishi hayo kulikuwa na malalamiko: filamu iliyopatikana ilikuwa ya vipande visivyopatana, na waandishi wake walikwisha kukata shauri kuwa kazi ya namna hii haiwezi kufanywa kwa Kiswahili. Shauri hilo ni zito, na yafaa lichunguzwe kabla ya kukubaliwa. Maandishi yenyewe ni haya:

"Asubuhi muuguzi anafika zahanatini. Mama mmoja anamngojea pale na mtoto wake. Anamsalimu, akamchukua mtoto, akamweka kwenye mizani, kisha anausoma uzito na kuuandika katika kadi. Halafu anaondoka akiwa na furaha."

Kama habari ya kusomwa, maneno haya hayana kasoro kubwa. Msomaji wa Kiswahili anajua kuwa anayeondoka ni mama, na kwamba "pale" ni pale zahanatini. Lakini programu hizi hazisomi kama asomavyo mtu. Veo 3 ya Google, mathalani, iliyotolewa mwaka 2025, ilitengeneza vipande vya sekunde 8. Filamu ndefu zaidi hupatikana kwa kuunganisha vipande vingi, na kipande kinachoombwa kwa maneno peke yake hakikumbuki kipande kilichotangulia. Lolote lisilotajwa hujazwa kwa kubahatisha.

Waandishi walizituma sentensi zao moja moja. Kipande cha kwanza kilionyesha jengo la bati lenye mlango wa kijani. Katika cha pili mama alikuwa ameketi kwenye baraza ya jengo jingine kabisa. Cha tatu kilileta mizani ya mezani, ingawa iliyokusudiwa ni ile ya kuning'inia. Katika cha nne aliyeondoka akiwa na furaha alikuwa mwanamume asiyejulikana alikotoka. Tuliyatafsiri maandishi hayo kwa Kiingereza na kuyajaribu tena. Mwanamume alitoweka, kwa kuwa kiwakilishi cha Kiingereza hutaja jinsia, lakini majengo yalibadilika vile vile. Hatukatai kwamba programu hizi zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na kwamba huenda zikakosea neno la Kiswahili lisilo la kawaida. Hata hivyo, kosa kubwa la filamu hii limo katika mpangilio wa maelekezo, wala si katika lugha.

Kasoro ya kwanza ni ya utaratibu wa shoti. Tunalitumia neno "shoti", ambalo watu wa studio wamekwisha kulizoea, kwa maana ya picha moja isiyokatizwa, tangu kamera inapoanza kunasa hadi inaposimama. Neno "picha" halifai hapa, kwani laweza kumaanisha filamu nzima au picha mgando. Sentensi ya tatu ya maandishi yetu imebeba vitendo vitano. Kiambishi -ka- kinavifungamanisha vitendo kwa uzuri katika masimulizi, lakini hakisemi shoti inaishia wapi. Programu iliyopewa vitendo vitano kwa sekunde 8 huviharakisha, huviruka vingine, au huvichanganya. Kanuni inayofaa ni kuipa kila shoti namba, umbali wa kamera, mtendaji aliyetajwa kwa jina la kazi yake, na kitendo kimoja kikuu.

Kasoro ya pili ni ya viungo. Waandishi walipoyatuma maandishi yote kwa pamoja, uso wa muuguzi uligeuka polepole ukawa uso wa mama. Sababu yake si ngumu kuiona. "Kisha" na "halafu" hueleza mfuatano wa wakati tu. Hayaelezi kama kamera inasogea, au picha moja inakoma na nyingine kuanza. Programu ikachagua kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine. Tunapendekeza "mkato" kwa badiliko la ghafla kutoka shoti moja hadi nyingine, na "mfifio" kwa picha inayofifia hadi giza. Mkato uandikwe katika mstari wake wenyewe baina ya shoti mbili. Mfifio ni heri aachiwe mhariri, ambaye huutia kwa urahisi baada ya vipande kupatikana.

Kasoro ya tatu ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa mwalimu wa lugha. Shuleni tulifundishwa kuwa kurudia maneno ni udhaifu wa insha, na kwamba mwandishi hodari hutumia "pale", "humo" au kisawe. Katika maelekezo ya picha mafunzo hayo hayana budi kugeuzwa. "Pale" haina mahali pa kurejea katika kipande kisichokumbuka. Tena, aandikaye "buluu" katika shoti ya kwanza na "samawati" katika ya pili asishangae akipata rangi mbili. Maneno ya mahali yaandikwe mara moja kwa makini, kisha yanakiliwe neno kwa neno.

Tukayapanga upya maandishi ya sehemu ya ndani hivi:

SHOTI YA 1. Kamera iko mbali. Chumba cha zahanati. Ukuta mweupe juu, buluu chini. Dirisha la mbao kushoto kwa mtazamaji, mwanga wa asubuhi unaingia dirishani. Mizani ya kuning'inia katikati. Muuguzi mwanamke mwenye sare nyeupe anampokea mtoto kutoka kwa mama mwenye kanga nyekundu.
MKATO.
SHOTI YA 2. Kamera iko karibu. Mizani ya kuning'inia. Nyuma yake ukuta mweupe juu, buluu chini. Mwanga wa asubuhi kutoka kushoto kwa mtazamaji. Mshale wa mizani unatulia.

Msomaji ataona kwamba katika shoti ya pili dirisha halikutajwa. Tulipolitaja, kamera ilirudi nyuma ili ilionyeshe, na mizani ikawa ndogo. Basi yanayorudiwa ni yale yanayoweza kuonekana katika shoti hiyo tu. Tena tumesema "kushoto kwa mtazamaji", maana kushoto kwa muuguzi anayetutazama ni kulia kwetu.

Kuhakiki matokeo si kazi ngumu. Isimamishwe picha ya mwisho ya kila kipande, ilinganishwe na ya kwanza ya kipande kifuatacho, na yatazamwe mambo manne: upande wa mwanga, rangi za ukuta, aina ya mizani na nguo. Katika jaribio letu mwanga, mizani na nguo vilipatana, lakini mpaka wa rangi ukutani ulipanda kidogo. Hapo ndipo uwezo wa maneno unapoishia, kwa kuwa vyumba vingi tofauti vyaweza kutimiza maelezo yale yale. Programu inayoruhusu kupewa picha ya mfano ipewe picha iliyotolewa katika shoti ya kwanza, na maneno yaambatane nayo.

Kwa hiyo hatuoni sababu ya ofisi ile kukiacha Kiswahili. Istilahi tulizozitaja, yaani shoti, mkato na mfifio, pamoja na "mwendelezo" kwa maana ya kupatana kwa shoti, tunazileta kwa wasomaji kama mapendekezo. Wafasiri na walimu waliokwisha kutumia maneno mengine katika kazi hii wanaombwa watuletee, pamoja na sentensi walimoyatumia, ili yapimwe.