Mstari wa pili wa jedwali la marejesho

Chukua mkopo wa shilingi 5,000,000, riba ya asilimia 18 kwa mwaka, unaolipwa kwa miezi 24 kwa rejesho lisilobadilika. Riba inatozwa kwenye salio linalopungua. Afisa mikopo huiachia kompyuta kazi ya kukokotoa rejesho, lakini kikokotoo cha simu kinatosha.

Gawanya 18 kwa 12, upate asilimia 1.5 kwa mwezi, yaani 0.015. Anayesahau hatua hii hupata rejesho la zaidi ya shilingi 900,000, na hapo ataona mwenyewe kwamba amepotea. Zidisha 1.015 kwa yenyewe hadi ifike kipeo cha 24: utapata 1.429503. Gawanya 1 kwa namba hiyo, upate 0.699544. Hii ndiyo thamani ya leo ya shilingi moja itakayolipwa mwezi wa 24. Iondoe kwenye 1, ibaki 0.300456. Sasa gawanya riba ya mwezi wa kwanza, 75,000, kwa 0.300456. Rejesho ni shilingi 249,621. Usiharakishe kukata desimali: ukiandika 0.30 tu, rejesho linakuwa 250,000 kamili. Kwenye Excel, kazi yote ni mstari mmoja:

```
=PMT(0.18/12,24,-5000000)
```

Kuligawa rejesho ni rahisi zaidi. Mwezi wa kwanza riba ni 75,000, hivyo 174,621 zinapunguza deni na salio linashuka hadi 4,825,379. Mwezi wa pili riba inatozwa kwenye salio hilo: 72,381. Deni linapungua kwa 177,240, salio linabaki 4,648,139. Mwezi wa tatu riba ni 69,722, na 179,899 zinakwenda kwenye deni.

Tazama riba ilivyoshuka kati ya mwezi wa kwanza na wa pili: shilingi 2,619. Hiyo ni asilimia 1.5 ya zile 174,621 zilizolipwa, kwa sababu fedha iliyokwisha kurudishwa haitozwi tena. Na kwa kuwa rejesho halibadiliki, kilichotoka kwenye riba kinahamia kwenye deni. Jedwali ambalo sehemu ya deni haikui kwa asilimia 1.5 kila mwezi lina kasoro, ukiacha tofauti ya shilingi moja moja inayotokana na kukadiria.

Sasa weka kando yake mkopo uleule, kwa asilimia 18 ileile, ila riba inatozwa kwenye kiasi cha awali hadi mwisho. Riba yote ni 1,800,000, rejesho ni 283,333, na riba ya mwezi wa kwanza ni 75,000, sawasawa na ya mkopo wa kwanza. Tofauti ya riba inajitokeza mwezi wa pili, ambapo bado ni 75,000. Kwa hesabu ya salio linalopungua, mkopo huo una riba ya takriban asilimia 31 kwa mwaka. Tangazo linaweza kutaja 18 kwa mikopo yote miwili. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, omba jedwali la marejesho na usome riba ya mwezi wa pili.