Nguvu ya Asili katika Sehemu

Tuchukue mlinganyo y' = -100y: tofauti ya joto kati ya waya mwembamba na hewa, inayopungua kwa kasi kubwa. Ukipiga hatua ya muda ya sekunde 0.1, jibu sahihi ni kuzidisha tofauti hiyo kwa e^z, ambapo z = -10. Hiyo ni kama 0.000045, karibu na sufuri kabisa.

Mfululizo wa Taylor ukikatwa baada ya kipeo cha pili unakupa 1 + z + z²/2, yaani 1 - 10 + 50 = 41. Kitu kilichopaswa kutoweka kimekua mara 41, na hatua ya pili kitafika 1,681. Kuongeza vipande hakusaidii hapa: ukifika kipeo cha nne unapata 291. Polinomia yoyote, z ikizidi kwenda upande wa hasi, mwishowe hukimbilia mbali na sufuri.

Sasa tazama ufundi wenyewe. e^z ni sawa na e^(z/2) ikigawanywa kwa e^(-z/2). Kadiria kila upande kwa vipande viwili tu vya Taylor, upate (1 + z/2)/(1 - z/2). Hili ni moja ya makadirio ambayo Henri Padé aliyapanga kwa utaratibu katika tasnifu yake ya mwaka 1892. Kwa z = -1, jibu sahihi ni 0.368, Taylor ya kipeo cha pili inatoa 0.5, sehemu hii inatoa 0.333. Kwa z = -10 inatoa -4/6, yaani -0.667. Bado si sahihi, lakini hailipuki.

Uzuri wake mkubwa umo kwenye asili, ile namba ya chini. Ihamishie upande wa pili: (1 - z/2) mara y mpya ni sawa na (1 + z/2) mara y ya zamani. Kisichojulikana sasa kimezidishwa na kitu, kwa hiyo kila hatua ni mlinganyo wa kutatuliwa. Hii ndiyo njia ambayo John Crank na Phyllis Nicolson waliitumia mwaka 1947 kwa milinganyo ya joto. Kwenye waya wenye nukta nyingi, kugawanya kunakuwa kutatua milinganyo mingi kwa pamoja, na hiyo ndiyo gharama yake.

Ina kasoro pia. Hatua kwa hatua utaona 1, -0.667, 0.444, -0.296: alama inapinduka kila mara. Ukiona jibu lako linayumba hivyo, anza na hatua chache za 1/(1 - z), ambayo hapa ni 1/11 na haibadilishi alama, kisha urudi kwa Crank na Nicolson. Kwa mlinganyo unaozimika haraka, usinunue vipande zaidi vya Taylor, nunua asili.