Orodha ya Kusoma ya Ajenti Mwanagenzi

Kuna orodha ya kusoma inayopita mikononi mwa vijana wa Amagoro wanaotafuta kazi ya kliaringi pale Malaba, na kila anayeipata anaisifu. Inaanza na Kanuni za Uasili wa Bidhaa za 2015, kisha iCMS, kisha kitabu cha ushuru, kisha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004 "yote", halafu uthaminishaji unaburutwa mkiani. Nimeisikia ikisifiwa hata na maajenti wenye leseni, na hilo limeniudhi. Nyaraka zenyewe ni zile zile anazotakiwa kuzijua mtu wa kazi hii. Ila orodha ya kusoma thamani yake ni mpangilio. Ukiuondoa, umebaki na majina ambayo karani yeyote wa mpakani angekutajia bure.

Kigezo cha kwanza nakitumia kabla sijasoma hata mstari wa pili: orodha nzuri hutaja kurasa. Anayemwambia mwanagenzi asome Sheria ya 2004 yote hajamwongoza. Kinachotakiwa siku ya kwanza ni kifungu cha 2 peke yake, kwa sababu hapo ndipo kijana wa Malaba anapogundua kwamba shehena inayotoka Tororo, kisheria, haiingizwi kutoka nchi ya kigeni. Sheria inaitazama kama bidhaa inayohamishwa kutoka nchi mwanachama kwenda nyingine, na uagizaji ni kwa kinachotoka nje ya Jumuiya. Asiyeshika hilo atasoma kila kifungu kinachofuata akidhani lori la Uganda na kontena la Dubai vinahukumiwa sawa. Kifungu cha 34 kuhusu tamko la mzigo kinaweza kufuata wiki hiyo hiyo. Cha 229, cha kuomba mapitio ya uamuzi ndani ya siku 30, kingoje mpaka awepo uamuzi anaoweza kuubishia.

Sasa nifike kwenye kile ambacho wapangaji wasiojua hukikosa kila mara: deni lililofichwa. Maandishi ya forodha huazimana. Kanuni moja inasimama juu ya nyingine bila kuitaja kwa sauti, na mpangaji anayetazama vichwa vya habari hawezi kuliona deni hilo. Uasili ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Wanaouweka mwanzo wana sababu yao: swali la kwanza la mfanyabiashara yeyote mpakani ni kama mzigo wake utapita bila ushuru. Lakini swali linaloulizwa kwanza si lazima ndilo linalojibika kwanza.

Chukua mabeseni ya plastiki yaliyotengenezwa Jinja kwa chembechembe za polipropilini zilizoagizwa kutoka Ghuba. Je, ni mali ya Jumuiya? Kigezo kimoja kinachotumika katika kanuni hizo ni kama malighafi ya kigeni imebadilika namba ya HS: imeingia chini ya namba moja ya tarakimu nne, imetoka bidhaa ya namba nyingine. Chembechembe ziko 3902. Beseni liko 3924. Ni rahisi, ila kwa anayejua tu namba hizo zimepatikanaje. Mwanagenzi wa orodha ile bado hajafundishwa kuainisha. Atazikariri, na kesho akiletewa ndoo yenye mpini wa chuma atakwama.

Kigezo kingine hupima thamani ya malighafi ya kigeni dhidi ya bei ya bidhaa ikitoka kiwandani, na hapo kuna deni la pili. Tuseme bei ya kiwandani ni shilingi 10,000. Ankara ya muuzaji wa Ghuba inaonyesha malighafi ya 5,200, lakini ukiongeza nauli na bima inafika 6,000. Asiyesoma uthaminishaji atapiga asilimia 52. Aliyeusoma atapiga 60, kwa kuwa thamani inayohesabiwa ni ya forodha, si ya ankara. Kikomo kikiangukia katikati ya tarakimu hizo mbili, mmoja atamwahidi mteja msamaha ambao hautakuja. Basi uasili unadai uainishaji na uthaminishaji pamoja, na mahali pake ni baada ya vyote viwili. Sijaona orodha nzuri iliyokiuka hilo.

Kati ya hivyo viwili, uainishaji utangulie. Kuna wanaoanza na uthaminishaji, na kazi inakwenda, lakini mimi siwapi alama kamili. Na ndani ya uainishaji kuna mpangilio wake tena. Alikuwepo karani mzee Malaba, enzi za fomu ya C63 ya karatasi, aliyemkataza mwanafunzi kufungua jedwali la ushuru kabla hajaeleza kwa maneno yake Kanuni ya 1 ya ufasiri, ile inayosema kwamba majina ya sehemu na sura ni ya rejea tu, na kwamba kinachofunga ni maneno ya namba na maelezo ya sehemu au sura. Baada ya hapo alimpa Kanuni ya 6, kisha kitu kimoja kwa siku akitafutie namba. Kanuni ya 3, ya bidhaa inayoonekana kufaa mahali pawili, aliificha mpaka mwanafunzi akutane mwenyewe na bidhaa ya namna hiyo na aulize. Waliopita mikononi mwake waliweza kubishana na ofisa kwa adabu na wakashinda. Siku hizi kijana anaandika jina la bidhaa kwenye simu na kuchukua namba ya kwanza inayotokea.

Walaghai nao wanatambulika. Yupo aliyekuwa akiuza orodha zilizonakiliwa kutoka kwenye silabasi ya kozi ya cheti, akigeuza mpangilio kidogo ili zisifanane. Kilichomfichua ni kitabu cha ushuru alichokitaja bila mwaka. Mfumo wa HS hufanyiwa marekebisho, na matoleo ya karibuni ni ya 2012, 2017 na 2022. Alichokuwa akikisambaza kilikuwa na viwango vitatu vya ushuru, 0, 10 na 25, ilhali tangu Julai 1, 2022 Jumuiya ina cha nne, asilimia 35. Orodha isiyotaja toleo, mimi huirudisha bila kuisoma.

Kosa lingine ni kuweka mwanzoni utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000. Kwa mama wa nyanya anayevuka Busia ndio wa kuanzia na pengine wa kumalizia. Kwa ajenti ni njia ya mkato iliyochongwa pembeni ya kanuni za uasili, na hawezi kujua inamsamehe nini kabla hajaijua njia kuu. iCMS ije mwisho kabisa. Kila kisanduku chake kinauliza jambo ambalo mtu alipaswa kulijua kabla ya kuketi: namba, thamani, uasili.

Ukiletewa orodha, fungua andiko lake la tatu katikati, tafuta neno moja ambalo andiko hilo linalitumia bila kulieleza, kisha panda juu uone kama limeshafundishwa. Ukilikosa, mwombe aliyeipanga akuonyeshe ukurasa. Akishindwa, usimpe mwanagenzi orodha hiyo.