Kasoro ya 6 + 4 = 4

Fumbo la njiti za kiberiti linalozunguka sana mitandaoni ni 6 + 4 = 4. Sogeza njiti moja tu, hesabu iwe kweli. Watu hujibu upesi, kisha ubishi unaanza, kwa sababu kila mtu ana jibu lake.

Wa kwanza huchukua njiti ya katikati ya 6 na kuisimamisha juu, upande wa kulia. Inakuwa 0, na 0 + 4 = 4. Wa pili huing'oa njiti iliyosimama kwenye alama ya kujumlisha na kuziba nayo pengo lilelile la 6, akapata 8 − 4 = 4. Wa tatu hutoa njiti ya chini kushoto ya 6, ikabaki 5, akailaza juu ya 4 ya mwisho: 5 + 4 = 9. Hapo mwenye fumbo hukataa, eti 9 hiyo haina mkia. Nani alisema lazima iwe na mkia? Sheria inayotajwa baada ya mtu kujibu ni dhuluma ndogo. Wa nne naye huilaza njiti hiyohiyo juu ya alama ya sawasawa: 5 + 4 ≠ 4. Ni kweli tupu, na hila hiyo huua karibu kila fumbo la aina hii.

Sasa panga namba za Kirumi: III = III + III. Sema mapema kwamba ≠ hairuhusiwi. Hapa hakuna ubishi wa mkia, kwani kila I ni njiti moja. Utahamisha njiti kutoka namba hii kwenda ile, na kila mara utagonga mwamba. Jibu ni kuilaza ile njiti iliyosimama ya alama ya kujumlisha: III = III = III.

Kinachotukwamisha si hesabu. Tumezoea kubadilisha namba na kuziacha alama zilivyo, na shuleni mlinganyo ulikuwa na alama moja tu ya sawasawa. Fumbo hili limejificha nyuma ya mazoea hayo mawili, ndiyo maana nalipenda.

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Günther Knoblich na wenzake walilitumia katika utafiti wao. Mwaka 2005 Carlo Reverberi na wenzake walichapisha matokeo ya kushangaza zaidi: katika mafumbo ya aina hii, asilimia 82 ya wagonjwa walioumia sehemu za pembeni za ubongo wa mbele walifumbua, wakati watu wenye afya walikuwa asilimia 43. Maelezo yao ni kwamba sehemu hiyo hutusaidia kuchagua mapema pa kutafuta jibu. Hapa uchaguzi huo hutufungia nje.

Sidhani kama 6 + 4 = 4 lingeweza kuwatenganisha watu hivyo. Jambo la kwanza analojaribu yeyote ni kubadilisha namba, na mlango unafunguka palepale.