Kuanzia Mkiani

Azimio la kazi la mwalimu wa Tanzania husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwanza umahiri, halafu mwezi, wiki na idadi ya vipindi, halafu vitendo vya mwalimu na mwanafunzi. Upimaji umewekwa kule kulia kabisa, karibu na safu ya maoni. Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha Hisabati Masumbwe nililijaza kama lilivyochorwa. Nilipofika kwenye upimaji mkono ulikuwa umeshachoka, nikaandika "zoezi na jaribio", kisha nikayashusha maneno hayo hadi chini ya ukurasa.

Ufundi ninaousifu hapa ni wa kulijaza azimio hilo kutokea mkiani. Wamarekani wawili, Grant Wiggins na Jay McTighe, waliueleza kwa mpangilio katika kitabu chao cha mwaka 1998: amua kwanza mwanafunzi ataelewa nini, kisha amua ni kazi gani itakayokuonyesha kwamba ameelewa, na baada ya hapo ndipo uchague masomo. Ukisikia hivyo utadhani ni jambo dogo. Mimi nililiona uzito wake siku nilipoujaribu ufundi huo kwenye mada ya asilimia.

Masumbwe iko kwenye barabara ya kutoka Kahama kwenda Ushirombo. Zamani ilikuwa ya Bukombe na ya Mkoa wa Shinyanga; tangu 2012 ni ya Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Watu wanalima mpunga, na watu wanachimba dhahabu. Mtoto wa darasa la sita amekwisha kusikia nyumbani kwao ugomvi wa mgao kabla hajaisikia asilimia darasani. Kwa hiyo nilipokaa kuandika kazi ya mwisho, kabla sijafungua kitabu cha kiada, niliuandika ugomvi wenyewe.

Wachimbaji 7 wamefanya kazi siku 36, wakapata gramu 25 za dhahabu. Wameziuza kwa shilingi 200,000 kwa gramu, bei niliyoikadiria ili hesabu isiwachoshe watoto. Kwenye thamani yote ya mauzo kunakatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, viwango vilivyowekwa na mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017. Kwa mapatano yao, mwenye leseni anachukua asilimia 30 ya kinachobaki. Kisha asilimia 40 ya kinachobaki tena inalipa gharama za mafuta, magogo, chakula na karasha. Salio wanagawana sawasawa. Mweka hazina wao amejumlisha 6, 1, 30 na 40, akapata 77, akasema zimebaki asilimia 23 za milioni 5, na kila mtu akapewa shilingi 164,285. Je, wamepunjwa? Onyesha mstari uliokosewa, kisha mweleze mchimbaji asiyejua asilimia kwa nini umekosewa. Mwisho, tafuta stahili ya kila mmoja kwa siku moja ya kazi.

Jibu linakwenda hivi. Milioni 5 ukitoa asilimia 7 zinabaki 4,650,000. Mwenye leseni anachukua 1,395,000, zinabaki 3,255,000. Gharama ni 1,302,000, zinabaki 1,953,000. Gawa kwa 7: kila mchimbaji anastahili 279,000. Tofauti na alichopewa ni zaidi ya shilingi 114,000.

Nilipoiangalia kazi hiyo pembeni ya mpangilio wangu wa zamani, nilinyamaza. Katika vipindi 10 vya dakika 40, nilikuwa nikitumia 5 kugeuza sehemu kuwa asilimia, desimali kuwa asilimia, na kurudi tena. Kazi hii haikuhitaji ugeuzaji mwingi kiasi hicho. Ilichohitaji kwa kila hatua ni swali moja: asilimia ya nini? Asilimia 6 na 1 zinajumlishika kwa sababu zote ni za mauzo. Ile 30 ni ya kitu kingine, na 40 ni ya kitu cha tatu. Juu ya swali hilo, ambalo ndilo roho ya mada, sikuwa na kipindi hata kimoja. Sikuwa nimeliruka kwa uvivu. Nilikuwa nimefuata kurasa, na kurasa zilikuwa zinanipeleka kwenye zoezi linalofuata.

Basi nikapanga upya. Ugeuzaji ukabaki na vipindi 2, kutafuta asilimia ya kiasi 2. "Asilimia ya nini" ikapewa 3, na hapo hatukukokotoa chochote mwanzoni. Watoto walichora mstari chini ya kitu kinachokatwa, wakabishana. Kipindi kimoja kilikuwa cha kusoma hesabu ya mtu mwingine na kuitafutia kosa, na kimoja cha kuandika maelezo kwa Kiswahili kinachoeleweka, jambo ambalo zamani sikulihesabu kuwa Hisabati. Cha mwisho kilikuwa cha kazi yenyewe.

Alama pia niliziandika kabla ya kuanza kufundisha: 4 za ukokotoaji, 3 za kuonyesha mstari uliokosewa, 3 za maelezo. Mgawanyo huo ulinisaidia kuona nisichokuwa nikikiona. Wapo waliopata 279,000 bila kuweza kuuonyesha mstari. Hao walikuwa wamefuata hatua tu. Na wapo walioteleza kwenye kuzidisha lakini wakaandika kwamba mweka hazina "amejumlisha vitu visivyofanana". Zamani wa kwanza wangepata vema na wa pili wangepata kosa.

Lakini mpango huu una hatari yake, nayo ni kuigeuza kazi ya mwisho kuwa wimbo wa kukariri. Mwalimu akishaijua kazi, mkono unamwasha kuifanyia mazoezi. Kipimo changu ni kubadilisha mazingira. Niliwapa watoto kilo 1,000 za mpunga: zikikobolewa zinatoa mchele asilimia 65, na mwenye mashine anachukua asilimia 10 ya mchele huo. Aliyeelewa anapata kilo 585. Anayetoa 10 kwenye 65 anapata 550, na kilo 35 za mkulima zinapotea. Kundi zima likipatia dhahabu na kukosea mpunga, ujue umefundisha dhahabu, hukufundisha asilimia. Kwangu baadhi yao walikosea hivyo, nikarudi nao kwenye kuchora mistari.

Jambo moja lilininyima usingizi. Watoto wengine hutoroka shule kwenda machimboni, na nilihofia kwamba swali la milioni 5 litawaita huko. Ndiyo maana niliweka sehemu ya mwisho. Shilingi 279,000 ukizigawa kwa siku 36 unapata 7,750 kwa siku. Darasa lilipofika kwenye namba hiyo, mvulana mmoja wa kiti cha nyuma aliirudia hesabu mara mbili akidhani amekosea. Hakuwa amekosea.

Mwalimu mwenzangu unayeandaa azimio la muhula ujao, chagua mada moja tu. Andika kazi yake ya mwisho yote, pamoja na jibu na alama, ukiwa bado hujaandika kipindi hata kimoja. Kisha pitia vipindi vyako vya mwaka jana, na kila kimoja kiulize kinamsaidia mtoto wapi katika kazi hiyo.