Seva Mbili za Kubahatisha

Anayegawa kazi kwa seva nyingi hushawishika kwanza na wazo moja: kila ombi likiingia, azikague seva zote, alipeleke kwenye ile yenye mzigo mdogo kuliko zote. Tatizo ni kwamba taarifa za mzigo huwa zimechelewa. Tuseme vigawa mzigo kumi vinasoma jedwali moja linaloandikwa upya kila sekunde, na seva namba 17 inaonekana tupu. Kwa sekunde nzima vyote kumi vinaimiminia maombi. Jedwali likiandikwa tena, 17 imeshazama, na kundi zima linahamia namba 42. Kwenye grafu utayaona meno ya msumeno: seva moja inapaa zingine zikiwa zimelala, kisha zamu inahama.

Kinyume chake ni kubahatisha tu, bila kuangalia chochote. Hapo hakuna kundi linalokimbilia upande mmoja, lakini bahati haigawi sawa. Seva zikiwa na shughuli asilimia 90 ya muda wao, ombi la kazi ya wastani wa sekunde 1 hukaa kwa wastani sekunde 10 kabla ya kukamilika, kungoja kukiwemo.

Mwaka 1994 Azar, Broder, Karlin na Upfal walionyesha, kwa mfano wa mipira inayotupwa mapipani, kinachotokea ukibahatisha mapipa mawili badala ya moja, kisha ukatia mpira kwenye lenye mipira michache. Mwaka 1996 Michael Mitzenmacher, katika tasnifu yake ya uzamivu huko Berkeley, aliufanyia hesabu ufundi huo kwenye foleni. Mwaka huohuo Vvedenskaya, Dobrushin na Karpelevich walichapisha matokeo ya namna hiyo huko Urusi. Kwa mzigo uleule wa asilimia 90, sekunde 10 zinashuka hadi takriban 2.6.

Kwa nini zinashuka kiasi hicho? Nimelirudia swali hili mara nyingi, na jibu bado linanifurahisha kwa udogo wake. Ili foleni yenye maombi manne ipokee la tano, haitoshi iangukiwe na bahati mbaya peke yake. Lazima seva zote mbili zilizobahatishwa ziwe na manne au zaidi. Mojawapo ikiwa na pungufu, ndiyo itakayopewa ombi. Seva zenye manne au zaidi ni kama asilimia 21. Nafasi ya kuokota mbili za aina hiyo ni 0.21 mara 0.21, karibu 0.04, na kweli seva zenye matano au zaidi ni takriban asilimia 4 tu. Panda ngazi nyingine: asilimia 4 ya asilimia 4, na zenye sita au zaidi zinabaki kama moja katika kila 750. Kwa kubahatisha moja tu, zaidi ya nusu ya seva zingekuwa na foleni ya urefu huo. Hesabu hii inachukulia seva nyingi zenye nguvu sawa, maombi yanayofika bila kufuatana kwa mpango, na muda wa kazi unaobadilika kwa bahati kutoka ombi hadi ombi.

Na ukibahatisha tatu? Wastani unashuka kutoka 2.6 hadi takriban 2.0. Ni faida, ila ndogo ukiilinganisha na ile ya kutoka 10. Faida kubwa iko kwenye jicho la pili.

Kwenye NGINX ufundi wote unaingia katika mstari mmoja:

```
upstream huduma {
    zone huduma 64k;
    random two least_conn;
    server 10.0.0.11;
    server 10.0.0.12;
    server 10.0.0.13;
}
```

Mstari wa `zone` usiuruke. Bila huo kila mchakato wa NGINX huhesabu miunganisho yake peke yake, na seva iliyolemewa na michakato mingine itaonekana nyepesi. Hata ukiuweka, mashine mbili za NGINX hazioneani hesabu. Taarifa hizo pungufu hazileti msumeno ule wa mwanzo, kwa kuwa seva inayoonekana tupu hupewa maombi pale tu inapobahatishwa.

Kuna ugonjwa mmoja ambao jicho la pili haliuponyi, linauzidisha. Seva iliyopoteza mawasiliano na hifadhidata yake hujibu hitilafu kwa milisekunde 2, wakati wenzake wanatumia 200. Miunganisho yake iko karibu na sifuri daima, kwa hiyo hushinda karibu kila inapobahatishwa. Kati ya seva kumi, itakuwa miongoni mwa mbili zilizochaguliwa mara moja katika kila tano, kwa hiyo karibu asilimia 20 ya maombi yatapotelea humo, badala ya 10. Hutaigundua kwa kutazama mzigo, maana ndiyo inayoonekana yenye afya kuliko zote. Tazama idadi ya majibu kwa kila seva: yenye majibu mengi maradufu, mengi yakiwa ya 500, ndiyo hiyo.