Pongezi kwa mwalimu anayerudi kwenye madaftari

Pongezi ziwaendee walimu ambao somo likigoma hawalirudii lote, bali hukaa na madaftari kwanza.

Chukua swali la 1/2 + 1/3. Mwalimu huyu hapangi madaftari kwa alama, huyapanga kwa aina ya kosa. Aliyeandika 2/5 amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini: bado hajaona kwa nini asili zilingane. Aliyeandika 2/6 amepata asili ya 6, ila ameacha viasi vilevile.

Rundo la 2/6 likiwa kubwa, utangulizi wa andalio haukuwa na tatizo. Kilichokatika ni hatua ya maarifa mapya, pale sehemu zinapogeuzwa bila kubadili thamani. Hapo ndipo anapoandika upya: wanafunzi wakunje ukanda wa karatasi upate sehemu sita sawa, waone nusu ni 3/6 na theluthi ni 2/6, ndipo wapate 5/6.

Kisha huwapa 1/2 + 1/5, na kila mmoja aeleze 7/10 imetokaje, maana jibu sahihi huweza kunakiliwa kwa jirani.